Bei ya karo dukani si bei ya chumba: tuhesabu vipande kabla ya kulipa

Katika mji wa Butembo, kama katika miji mingine ya mashariki mwa nchi yetu, mtu anayemaliza kujenga nyumba hupita mbele ya depo na kusoma bei iliyoandikwa kwa chaki: dola fulani kwa mita mraba ya karo. Anarudi nyumbani, anapima saloni yake, anazidisha, na anasema pesa zimetosha. Wiki mbili baadaye kazi imesimama. Karo nne zimekosekana, kole imekwisha, fundi anadai pesa zaidi, na mwenye nyumba ameanza kusema kwamba fundi ameiba.

Mimi nasema kwamba mara nyingi hakuna aliyeiba. Hesabu ndiyo iliyofanywa vibaya tangu siku ya kwanza, na ilifanywa hivyo kwa sababu sote, wenye nyumba na mafundi, tumezoea kanuni moja ya haraka: pima eneo, ongeza asilimia 10, nenda ununue. Kanuni hiyo ni nzuri kwa chumba kikubwa na karo ndogo. Kwa vyumba vyetu, na kwa hizi karo kubwa za 60 kwa 60 ambazo kila mtu anazitaka leo, inadanganya.

Tuchukue chumba kimoja tukihesabu mpaka mwisho. Ni saloni ya kawaida, urefu mita 4.30, upana mita 3.70, mlango mmoja wa sentimita 90. Eneo lake ni mita mraba 15.91, tuseme 16. Mwenye nyumba amechagua karo za 60 kwa 60. Karo moja ni mita mraba 0.36, na kartoni ya karo 4 ni mita mraba 1.44. Usikubali kukisia jambo hili, maana kartoni hazilingani. Idadi ya vipande na mita mraba vimeandikwa ubavuni mwa kartoni yenyewe.

Kwa kanuni ya asilimia 10, 15.91 inakuwa 17.5. Ukigawanya kwa 1.44 unapata kartoni 12 na kidogo, kwa hiyo unanunua 13. Hizo ni karo 52. Kwenye karatasi umebaki na ziada nzuri. Sasa twende sakafuni tuone.

Kati ya karo na karo fundi huacha nafasi ya milimita 3, na pembeni mwa ukuta huacha karibu milimita 5 ambazo plinte itazifunika. Kwa upande wa mita 4.30, karo 7 nzima zinaingia, halafu inabaki nafasi ya kipande cha sentimita 7 tu. Kwa upande wa mita 3.70, karo 6 nzima zinaingia, na tena inabaki kipande cha sentimita 7. Yaani ukianza na karo nzima kwenye kona, utamalizia kuta mbili kwa utepe mwembamba kama kiganja. Utepe huo una shida mbili. Kwanza, unaonekana vibaya kwa kila mgeni anayeingia. Pili, ni mgumu kukata kwenye karo nzito bila kuuvunja, na ukuta ukiwa umepinda kidogo, utepe unaanza na sentimita 7 upande huu na kuishia na 4 upande ule, na jicho linaliona jambo hilo mara moja.

Ndiyo sababu fundi anayejua kazi yake haanzi kwenye kona. Anapima katikati, anapiga mstari, na anasogeza karo ili kuta zote mbili zinazotazamana zipate vipande sawa. Katika saloni yetu, badala ya karo 7 nzima na utepe, anaweka karo 6 nzima katikati na kipande cha sentimita 33 kila upande. Kwa upana, karo 5 nzima na kipande cha karibu sentimita 33 kila upande. Chumba kinapendeza, hakuna utepe popote.

Lakini tuhesabu. Mistari ni 8 kwa 7, yaani karo 56. Karo 30 za katikati ni nzima, na 26 za pembeni zimekatwa. Na hapa ndipo kanuni ya asilimia 10 inapoanguka: ukikata sentimita 33 kutoka karo ya sentimita 60, kinachobaki ni karibu sentimita 26. Hicho hakitoshi kuwekwa upande wa pili, maana huko pia kunahitajika 33. Kila kipande cha pembeni kinakula karo nzima. Karo 56 ni mita mraba 20.16 kwa sakafu ya mita mraba 15.91. Ziada si asilimia 10, ni karibu asilimia 27, na bado hatujavunja hata moja.

Mwenye nyumba aliyenunua karo 52 atakosa 4. Hapo huwa anakumbuka kwamba fundi alisema zitatosha. Fundi naye anajua tu kwamba amekata kila karo kwa uaminifu. Wote wawili wana haki ya kukasirika, na wote wawili wangeweza kuliona jambo hili kwa dakika kumi, kwa kalamu na karatasi ya daftari yenye miraba.

Kuna wanaosema: basi arudi depo anunue kartoni moja zaidi. Ndugu msomaji, hapa kwetu si rahisi hivyo. Makaro yetu yanatoka nje, mengi yakipitia mpaka wa Kasindi, na lori la wiki ijayo halibebi lazima mzigo wa tanuri ileile. Kwenye kila kartoni kuna alama mbili zinazosahauliwa: moja ni ya rangi ya mzigo, nyingine ni ya kipimo halisi cha karo baada ya kuchomwa. Karo mbili zenye jina moja na picha moja zinaweza kutofautiana weupe, au moja ikawa kubwa kuliko nyingine kwa milimita moja. Milimita hiyo ukiizidisha kwa karo 7 za mstari mmoja, nafasi za katikati hazilingani tena. Kwa hiyo karo nne za mwisho, zile zinazokuja kutoka mzigo mwingine, utazitambua sakafuni miaka yote utakayokaa ndani ya nyumba hiyo.

Sasa kuvunjika. Watu huchanganya mambo mawili: karo zinazopotea kwa kukatwa, na karo zinazovunjika. Za kukatwa zinahesabika kwenye mchoro, kama tulivyofanya. Za kuvunjika hutegemea safari na mikono. Kartoni 15 za 60 kwa 60 ni mzigo wa zaidi ya kilo 400, na barabara zetu tunazijua. Zikilazwa, ile ya chini inabeba uzito wa zote na kila shimo la barabara linaipiga. Zinatakiwa kusimama kwa ubavu, zikiegemea upande mmoja na kufungwa zisitikisike, hata kwenye chukudu. Na kabla ya kumlipa mwenye gari, fungua kila kartoni ukiangalia kona, kwa sababu kona ndiyo inayoondoka kwanza. Karo yenye kona iliyolika haitupwi. Inawekwa kando ili iwe ya kwanza kukatwa.

Kwa chumba hiki ningehesabu karo 2 za kuvunjika na 2 za kuweka akiba. 56 na 4 ni 60, yaani kartoni 15 kamili. Akiba hiyo si anasa. Siku sufuria nzito itakapoanguka, au fundi wa maji atakapotaka kufungua sakafu, karo ya mzigo uleule haitakuwepo tena dukani.

Vile vipande vya sentimita 26 vilivyobaki je? Wengi huviona vikitupwa nyuma ya nyumba, na hilo ndilo linaloleta maneno ya wizi au ya uharibifu. Ndivyo vya kutengenezea plinte. Saloni yetu ina mzunguko wa mita 16, ukitoa mlango inabaki mita 15 na kidogo. Kila kipande kilichobaki kina ubavu mmoja wa kiwandani, ule ulionyooka na laini. Fundi anakata sentimita 8 upande huo, anaweka ubavu wa kiwandani juu na ule uliokatwa chini, mahali ambapo hautaonekana. Vipande vya karo 26 za pembeni vinatosha kuzunguka chumba chote, na kinachobaki baada ya hapo kinatosha kizingiti cha mlango. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile asilimia 27 inayoonekana kama hasara inarudi ukutani. Yule aliyekubali utepe wa sentimita 7 ili kuokoa karo, akidhani amepata faida, atalazimika kukata karo nzima ili apate plinte zake. Mwisho wa hesabu tofauti inakuwa ndogo sana, na utepe unabaki palepale.

Njia nyingine ni kubadilisha kipimo cha karo, na hapa nitasema jambo ambalo wauza karo hawatalipenda. Katika vyumba vingi vya nyumba zetu, karo ya 40 kwa 40 inafaa kuliko ya 60 kwa 60. Tuiweke kwenye saloni ileile. Kwa urefu zinaingia 10 nzima na kipande cha sentimita 26, kinachokubalika bila kusogeza kitu. Kwa upana, fundi akipanga katikati, anapata 8 nzima na kipande cha sentimita 23 kila upande. Jumla ni 11 kwa 10, yaani karo 110, mita mraba 17.6. Kwa kartoni za karo 10, kartoni 12 zinakupa 120, na zile 10 za ziada zinabeba kuvunjika, akiba, na plinte chache ambazo vipande havitafikia. Umenunua mita mraba 19.2 badala ya 21.6. Si kwamba karo ndogo daima hushinda. Chumba cha kipimo kingine kinaweza kutoa jibu tofauti kabisa, na ndiyo maana nasisitiza kuchora. Lakini karo ndogo inavumilia pia sakafu yenye mawimbi na ukuta usionyooka, na ukuta wa matofali ya kuchoma usionyooka kwetu ni jambo la kila siku.

Kabla ya mchoro, pima chumba mara mbili: urefu kwenye ukuta wa kushoto na wa kulia, upana mbele na nyuma. Halafu vuta kamba kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine. Kwa chumba cha 4.30 kwa 3.70 kilichonyooka, kamba zote mbili zinasoma mita 5 na sentimita 67. Moja ikisoma 5.67 na nyingine 5.60, chumba kimeegama, na vipande vya pembeni havitakuwa na upana mmoja. Heri kulijua hilo kabla ya kole kuchanganywa.

Na kole yenyewe ndiyo sehemu ya devi ambayo watu huikadiria vibaya kuliko zote. Fundi anaandika mifuko mitatu, anamaliza saba. Tena mwenye nyumba anawaza wizi.

Kwa karo ya 60 kwa 60, fundi hutandaza kole sakafuni kwa sahani yenye meno ya milimita 10, na anapaka pia safu nyembamba nyuma ya karo. Hiyo inakula kati ya kilo 6 na 7 kwa mita mraba. Kwa mita mraba 16 ni kilo 100 na zaidi, kwa hiyo mifuko 5 ya kilo 25. Kwa karo ya 40 kwa 40 na meno ya milimita 8, kilo 4 na nusu zinatosha, na mifuko 3 inamaliza chumba. Hesabu hizo ni za sakafu iliyonyooka.

Sakafu isiponyooka, kole ndiyo inayojaza mashimo. Kole iliyochanganywa hutumia karibu kilo moja na nusu ya unga kwa kila milimita ya unene katika mita mraba moja. Kwa mita mraba 16 hiyo ni karibu mfuko mmoja mzima kwa kila milimita. Sakafu inayohitaji milimita 4 zaidi kwa wastani imekula mifuko 4 ambayo hakuna aliyeiandika. Na kole nene namna hiyo hukauka vibaya, hupungua na kuvuta karo chini, hivi kwamba asubuhi kona moja imezama na nyingine imeinuka.

Dawa yake ni rahisi na inafanywa wiki moja kabla. Weka rula ya alumini ya mita 2 sakafuni, uizungushe kila upande, uangalie mwanga unapita wapi chini yake. Nafasi ya milimita 3 haina shida. Ikizidi hapo, shimo lijazwe kwa mchanga na simenti, baada ya kukwaruza sakafu ya zamani, kuiosha na kuipaka maji ya simenti ili kiraka kishike. Pale palipoinuka pagongwe. Kazi hii inastahili kulipwa peke yake, na iandikwe kwenye devi kwa mstari wake. Mwenye nyumba anayekataa kuilipa atailipa kwenye mifuko ya kole.

Wako mafundi wa zamani, tena wazuri, wanaosema hawahitaji kole, kwamba wameweka makaro maisha yao yote kwa simenti na mchanga, wakimwaga maji mazito ya simenti juu yake. Wanasema kweli kuhusu karo za zamani. Karo zile zilikuwa na mgongo unaonywa maji, simenti iliingia ndani na kushika. Lakini karo nyingi ngumu na za kung'aa zinazouzwa leo hazinywi. Jaribu: geuza karo, weka matone ya maji mgongoni. Yakiingia ndani kwa muda mfupi, simenti itashika. Yakibaki juu kama kwenye sahani ya chakula, simenti ya kawaida haitashika vizuri, itashikilia kwa miezi kadhaa halafu karo itaanza kuitika utupu ukiigonga. Kwa karo hizo kole ni lazima, na iwe ile ambayo mfuko wake unasema inafaa kwa karo zisizonywa maji.

Sasa tufike kwa mikono ya fundi, ambapo wengi wetu tunapenda kubania. Tufanye hesabu ya mfano, na kila mmoja aweke bei za mji wake. Tuseme karo ni dola 10 kwa mita mraba, basi kartoni 15 ni dola 216. Kole mifuko 5 kwa dola 10 ni dola 50. Simenti ya kujazia nafasi, dola 5, maana karo kubwa zina nafasi chache. Usafiri dola 10. Fundi dola 5 kwa mita mraba ya sakafu ni dola 80, na plinte dola 1 kwa mita ni dola 15. Jumla ni dola 376. Gawanya kwa mita mraba 16 za chumba, unapata dola 23 na nusu kwa kila mita mraba. Ile chaki ya mlangoni ilisema 10. Mama aliyeweka akiba ya dola 200 kwa saloni yake hakukosea kidogo, alikuwa karibu na nusu tu ya safari.

Angalia sehemu ya fundi: dola 95 kati ya 376, kwa watu wawili na siku 3 au 4 za kupiga magoti, pamoja na kukata mara 30 hivi kwenye karo ngumu kabla hata ya plinte. Ukimshusha mpaka dola 2 kwa mita mraba, umeokoa dola 48. Naye ana familia, kwa hiyo atazirudisha kwa njia moja tu, nayo ni haraka. Haraka kwenye makaro ina sura inayojulikana: badala ya kutandaza kole yote kwa meno, anaweka mabonge matano, manne kwenye kona na moja katikati, anabonyeza na kupita. Kwa juu kazi ni ileile. Chini, kati ya bonge na bonge, kuna hewa. Siku utakapoweka mguu wa kitanda au friji juu ya hewa hiyo, karo inapasuka kutoka katikati, na watu wanasema karo za siku hizi ni mbovu.

Kuna namna ya kujua bila kuwa fundi. Siku ya kwanza, karo ya tatu au ya nne ikishawekwa, mwombe fundi kwa heshima aiinue. Mgongo wake unatakiwa kuwa umefunikwa na kole karibu wote, pamoja na kona. Fundi mzuri hakasiriki, wengine hufanya wenyewe bila kuombwa. Ukiona madoa matano ya duara, mazungumzo yafanyike hapohapo, wakati karo moja tu ndiyo ya kurudia. Angalia pia kole iliyotandazwa ikingoja. Iguse kwa kidole: ikiwa haibaki kwenye kidole, imeshafanya ngozi na haitashika, hata karo ikibonyezwa namna gani. Inatakiwa kukwanguliwa. Kurudisha maji kwenye ndoo ya kole iliyoanza kuganda ni kuiua. Kesho yake, bila mtu kukanyaga kwa nguvu, gonga kila karo kwa sarafu au mpini wa nyundo ndogo. Sauti inayojibu nzito ni nzuri. Ile inayoitika kama debe, iwekewe alama kabla ya kujaza nafasi, kwa sababu baada ya hapo kuiondoa ni kuivunja.

Kuhusu malipo, mimi sikubaliani na desturi ya kumlipa fundi kwa siku kwa kazi ya makaro, wala ile ya kumpa pesa za vifaa mkononi akanunue mwenyewe kwa jumla. Ya kwanza inamfanya mwenye nyumba asimame mlangoni na saa. Ya pili inafungua mlango wa maneno, hata kwa fundi mwaminifu kabisa. Devi iwe na mchoro wa chumba na idadi ya vipande, si mita mraba peke yake. Mkono ulipwe kwa mita mraba ya sakafu iliyopimwa na wote wawili, si kwa karo zilizonunuliwa, na plinte kwa mita ya urefu. Iandikwe nani ananunua disku ya kukatia, maana disku nzuri si pesa ndogo na karo ngumu zinaimaliza. Sehemu ya pesa itolewe anapoanza, nyingine karo zote zikiwa chini, na ya mwisho baada ya kugonga na kujaza nafasi.

Wenye depo nao wana sehemu yao. Wengi wanakataa kurudishiwa kartoni hata moja ambayo haijafunguliwa, na hofu ya kubaki na karo ambazo huwezi kuzirudisha ndiyo inayowafanya watu wanunue chache mno. Depo inayokubali kwa maandishi kupokea kartoni nzima, za mzigo uleule, ndani ya siku 15, ingeuza zaidi. Kabla ya kutoa pesa, uliza swali hilo, na uombe jibu liandikwe kwenye fakitire pamoja na alama mbili za ubavuni mwa kartoni, ya rangi na ya kipimo. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na zile karo mbili za akiba, zikisimama kwa ubavu mahali pakavu.